Mnunuzi alisema sawa, benki haikusema kitu

Elsii yetu ya ufuta, ahadi ya benki ya mnunuzi kutulipa, iliingia Jumanne, Mei 14, 2024, kabla ya adhuhuri. Kaka wa dawati la biashara ya nje kwenye benki yetu alinitumia nakala kwa barua pepe, kisha akanipigia.

"Dada, imefika. Isome yote kabla hujampelekea Mama."

Mama ndiye mwenye kampuni. Tuna ghala Barabara ya Pugu, mashine moja ya kuchambua, na watu tisa wa kudumu. Mimi nashika nyaraka. Msimu ule tulikuwa tumesaini mkataba wa kuuza tani 95 za ufuta mweupe kwenda Qingdao, China: kontena 5 za futi 20, kila moja tani 19, kwa dola 1,650 kwa tani pamoja na nauli ya meli. Jumla dola 156,750. Malipo kwa barua ya dhamana ya malipo, ambayo sisi wote kazini tunaiita elsii: benki ya mnunuzi inaahidi kutulipa tukiwasilisha nyaraka zilizotajwa, kama zilivyotajwa. Benki haiangalii ufuta. Inaangalia karatasi.

Niliichapisha, nikakaa nayo mezani pamoja na mkataba, nikawa nasoma kwa kalamu nyekundu. Kila sharti nililiuliza maswali mawili tu. Karatasi hii nani anaitoa? Na je, huyo anaweza kunikatalia?

Swali la pili ndilo lililonisimamisha. Kwenye orodha ya nyaraka, uga wa 46A, kulikuwa na cheti cha ukaguzi ambacho lazima kisainiwe na mwakilishi wa mnunuzi, na saini yake ilingane na kielelezo kilichohifadhiwa kwenye benki iliyotoa elsii. Ukilisoma haraka unaona ni jambo la kawaida, mnunuzi anataka kuuona mzigo wake. Lakini maana yake ni kwamba asipomtuma mtu wake, hatuna cheti. Akimtuma na mtu huyo akasaini tofauti kidogo na kielelezo, hatuna malipo, wala sisi hatujawahi kukiona hicho kielelezo. Wenye kazi hii wanaliita sharti laini. Mzigo unakuwa wako, ufunguo wa sanduku la fedha anao yeye.

Shida ya pili ilikuwa ya tarehe. Mwisho wa kupakia ulikuwa Juni 20. Nyaraka ziwasilishwe ndani ya siku 7 baada ya kupakia, na elsii ife Juni 27, huko huko China. Nikahesabu kwa vidole. Minada ya Lindi ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia kuanza. Ukishinda mnada, unalipa, unasubiri mzigo utolewe ghalani, malori yanakuja Dar. Mashine yetu ikifanya kazi vizuri inachambua tani 12 kwa siku, kwa hiyo tani 95 ni siku 8. Halafu kufukiza dawa, wakaguzi wa afya ya mimea, kujaza kontena, forodha, na meli ambayo haikusubiri. Tena tarehe inayohesabiwa ni ile ambayo hati ya shehena inasema mzigo umeingia melini. Kontena ikilala bandarini siku kumi ikisubiri meli, siku zile kumi ni zako.

Na hizo siku 7 za kuwasilisha nyaraka hazikuwezekana hata kama meli ingeondoka mapema. Hati ya shehena yenyewe tunaipata siku 2 au 3 baada ya meli kuondoka. Cheti cha uasilia, kinachosema mzigo umetoka nchi gani, kinafuata. Bahasha ya kwenda China inachukua karibu wiki. Tungefika mlango umefungwa.

Shida ya tatu ilikuwa ndogo lakini ya hatari ileile. Elsii ilitaka cheti cha uasilia kilichotolewa na wizara ya biashara. Kwetu cheti hicho tunakichukua TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Mkaguzi wa nyaraka aliyeko China hajui hilo na wala si kazi yake kulijua. Akiona "wizara" kwenye elsii na "chemba" kwenye cheti, anaandika dosari, na dosari inatosha benki kukataa kulipa.

Kulikuwa na la nne ambalo nilitaka kuliweka kwenye orodha: kubadilisha meli njiani kulikatazwa, na hakuna meli tuliyoweza kuipata ya kutoka Dar kwenda Qingdao moja kwa moja. Kaka wa benki akaniambia niliache. Elsii yetu ilikuwa chini ya kanuni za UCP 600, zile za Chemba ya Kimataifa ya Biashara zinazotumika tangu Julai 1, 2007, na kifungu cha 20 kinasema hati ya shehena inayoonyesha kubadilisha meli inakubalika hata kama elsii imekataza, ilimradi mzigo uko ndani ya kontena na hati moja inaifunika safari nzima. Nikahakikisha kwamba elsii haikukiondoa kifungu hicho, nikalifuta. Nililipenda shauri lake. Kila unaloomba mnunuzi anaweza kulitumia kuomba na yeye, basi usiombe usichokihitaji.

Nilipompelekea Mama, alisoma, akavua miwani.

"Sasa si tumpigie tu? Yule bwana ni mtu mzuri. Akisema sawa tunaendelea kununua."

"Mama, wa mbaazi naye alisema sawa."

Akanyamaza. Mwaka 2022 tulipeleka tani 57 kwa mnunuzi mwingine, nchi nyingine. Meli ilichelewa siku 3 kupita tarehe ya mwisho ya kupakia. Tulimwandikia kwenye simu, akajibu kwa ujumbe mfupi kwamba hakuna tatizo, pakieni. Tukapakia. Nyaraka zilipofika benki yake ilizikataa kwa sababu ya kuchelewa kupakia, jambo ambalo ilikuwa na haki nalo kabisa, maana hakuna aliyeiambia kitu. Siku hizo bei sokoni ilikuwa imeshuka. Mnunuzi yuleyule aliyesema hakuna tatizo akasema ataikubali dosari hiyo tukimpunguzia dola 90 kwa kila tani. Mzigo ulikuwa tayari bandarini kwake, ada za kuchelewesha kontena zinahesabika kila siku. Tukampunguzia. Dola 5,130 ziliondoka kwa neno moja ambalo halikuandikwa mahali panapotakiwa.

Tangu hapo ninajua kwamba mnunuzi hana uwezo wa kuibadilisha elsii. Anaweza kuiomba tu benki yake ibadilishe. Kifungu cha 10 cha kanuni hizo kinataka benki iliyoitoa ikubali, benki iliyoithibitisha ikubali kama ipo, na sisi tunaolipwa tukubali. "Sawa" ya mnunuzi kwenye simu ni ahadi ya kwenda benki. Bado hajaenda.

Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili na Mama. Tutanunua ufuta, kwa sababu mkataba upo na mnada haungoji. Lakini hakuna kontena itakayoingia bandarini kabla marekebisho hayajafika kwenye benki yetu.

Barua ya kuomba niliiandika siku 2 nzima, ingawa ilitoka ukurasa mmoja na nusu. Zamani nilikuwa naandika malalamiko: tarehe ni fupi, tafadhali mtuongezee. Mnunuzi anaipokea, anampa karani, karani anaandika anavyoelewa, na marekebisho yanarudi yakiwa na kosa jipya. Safari hii niliandika maneno yaleyale ambayo ningependa benki iyatume, ili karani wa upande ule anakili tu. Kwa kila jambo nilitaja namba ya uga, maneno yaliyopo, maneno tunayoomba, na sababu kwa sentensi moja. Sehemu ya tarehe ilikuwa hivi:

```
44C  240620             ->  240720
48   7                  ->  21
31D  240627 CHINA       ->  240815 DAR ES SALAAM
41   ISSUING BANK BY PAYMENT  ->  ANY BANK BY NEGOTIATION
```

Uga wa 44C ni tarehe ya mwisho ya kupakia, 48 ni siku za kuwasilisha nyaraka, 31D ni tarehe na mahali pa mwisho wa elsii. Hizi tatu zinatembea pamoja. Nimeona watu wakiomba 44C isogezwe mwezi mmoja na kuisahau 31D, wakapata elsii ambayo inawaruhusu kupakia siku ambayo yenyewe imeshakufa. Mstari wa nne, 41, unasema nyaraka zitawasilishwa benki gani. Ulikuwa umetaja benki ya China iliyotoa elsii. Ningebadilisha mahali pa mwisho kuwa Dar es Salaam na kuuacha mstari huo, elsii ingekuwa inajipinga yenyewe, na kwenye mapingano ya namna hiyo anayeumia ni anayesubiri kulipwa.

Juu ya barua nilitaja kifungu cha mkataba. Mkataba wetu ulisema kupakia Julai, ukaguzi na kampuni huru. Kwa hiyo kwenye mambo hayo hatukuwa tunaomba hisani, tulikuwa tunaikumbusha elsii ifuate makubaliano, na niliandika kwa heshima lakini bila kunyenyekea. Kuhusu chemba na wizara mkataba haukusema lolote, hapo nikaeleza utaratibu wa nchi yetu na kuomba. Mwisho niliandika nani atalipa ada ya marekebisho. Tulipendekeza walipe wao kwa yale yaliyokwenda kinyume na mkataba, na kwa kuwa yote yangeingia kwenye marekebisho mamoja, ada ilikuwa moja tu. Pia niliandika tarehe tunayohitaji jibu, Mei 29, na kwamba kontena hazitapakiwa kabla ya marekebisho kutufikia kwa njia ya benki. Hiyo haikuwa vitisho. Nilitaka ajue kwamba kuchelewa kwake kunausogeza mzigo wake mwenyewe.

Barua ikaondoka Ijumaa, Mei 17. Jumatatu Mama akapiga simu, kwa sababu barua peke yake inaweza kulala.

Tarehe na cheti cha uasilia bwana yule alivikubali bila maneno mengi. Alipofika kwenye cheti cha ukaguzi akakataa. Mama alimwacha aseme. Kumbe msimu uliopita aliuziwa ufuta mahali pengine, vyeti vyote safi, akafungua kontena akakuta mchanga na mbegu ngeni. Bosi wake akaapa kwamba hawatalipa tena bila saini ya mtu wao. Nilipomsikia Mama akimweleza kwa upole kwamba anamwelewa, nilijua tulikuwa tumekosea kulisoma sharti lile kama mtego. Lilikuwa woga. Lakini woga wake ungetuua sisi vilevile.

Mama akamgawia jambo lake vipande viwili. Mtu wako aje, tutampokea, aone mashine inavyochambua, achome magunia popote anapotaka kuchukua sampuli, aone kontena inafungwa na lakiri. Hayo yaandikwe kwenye nyongeza ya mkataba. Lakini karatasi ya kuipeleka benki itoke kwa kampuni huru ya ukaguzi, na wewe ndiye uichague katika zile zenye ofisi Dar. Tena tutakutumia sampuli iliyofungwa na wakaguzi hao kabla meli haijaondoka. Alikaa siku 3 akirudi kwa bosi wake. Akakubali.

Alhamisi, Mei 30, kaka wa benki akanipigia. Marekebisho yameingia, ujumbe wa MT707, namba 01. Siku 2 kabla ya hapo mnunuzi alikuwa ametutumia nakala iliyoskaniwa ya fomu aliyojaza benki kwake, na mtu wa ghala tayari alikuwa anauliza kama aite malori ya kontena. Nilimwambia fomu ile ni barua ya yeye na benki yake. Tusubiri ya kwetu.

Nashukuru tulisubiri. Kila tulichoomba kilikuwemo, neno kwa neno, hata 41. Lakini kwenye maelezo ya cheti kipya cha ukaguzi kulikuwa na mstari mmoja ambao sikuuandika mimi: unyevu usizidi asilimia 5. Mkataba ulisema 6. Tulikuwa tumeshapima sampuli za shehena tulizoanza kununua, na zilikuwa zinacheza kati ya 5.2 na 5.6.

Mama alifurahi kwa mengine yote. Akauliza kama tunaweza kuyakubali hayo mengine na kuuacha ule mstari wa unyevu. Nilitamani niseme ndiyo. Kanuni hairuhusu: marekebisho yaliyokuja kwenye ujumbe mmoja yanakubaliwa yote au yanakataliwa yote, na ukikubali nusu unahesabiwa umekataa. Na ukikaa kimya halafu ukawasilisha nyaraka zinazolingana na elsii yenye marekebisho, kuwasilisha huko kunahesabiwa ndiko kukubali. Kimya hakikuwa na hatari ya haraka, lakini kilikuwa kinampa kila mtu nafasi ya kudhani anachotaka.

Tukakataa kwa maandishi, Ijumaa, Mei 31, kupitia benki yetu. Mkono wangu ulikuwa mzito kusaini. Kwa kukataa, tulirudi kwenye elsii ya mwanzo, yenye Juni 20 na saini ya mwakilishi, huku ghalani tukiwa na tani 40 tulizolipia. Kama mnunuzi angekasirika na kuliacha jambo pale, tungekuwa na ufuta na elsii isiyotumika.

Siku hiyohiyo nilimwandikia mnunuzi, bila neno la lawama. Niliweka picha ya ukurasa wa mkataba wenye asilimia 6, nikaeleza kwamba mengine yote tumeyapenda na kwamba tunaomba ujumbe uleule urudiwe na tarakimu moja ikibadilika. Nikamkumbusha pia kwamba Jumatatu ya Juni 10 benki zao zingekuwa kwenye mapumziko ya sikukuu ya mashua, na wiki itakayofuata kwetu kuna Idi. Akajibu usiku. Idara yao ya ubora ilikuwa imenakili vipimo kutoka mkataba wa ufuta wa nchi nyingine. Hakukuwa na hila. Lakini benki ya China isingejali kama ni hila au ni makosa ya kunakili, ingeona 5.4 na kuandika dosari.

Marekebisho namba 02 yaliingia Alhamisi, Juni 6. Niliyasoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu na kaka wa benki kwenye simu, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikifuatisha kwa kidole kwenye mkataba. Namba ya elsii ni ileile. Kiasi hakijaguswa. Unyevu 6. Tukaandika kukubali jioni ile. Kuanzia benki ile ilipoutoa ujumbe huo yenyewe ilishafungwa nao, haiwezi kurudi nyuma, lakini nilitaka na upande wetu uwe umeandikwa.

Mwakilishi wa mnunuzi alikuja kweli, Juni 24, kijana mmoja mtaratibu aliyechoma magunia mengi kuliko wakaguzi wenyewe. Alikula wali maharage na wabebaji na akaondoka na sampuli kwenye begi. Meli tuliyoiwekea nafasi Juni 30 ilisogezwa, kama nilivyoogopa. Hati ya shehena ilitoka ikisema Julai 9, siku 19 baada ya tarehe ile ya kwanza.

Nyaraka nilizipeleka benki Dar es Salaam Julai 16. Kesho yake kaka wa benki akaniita: kwenye orodha ya upakiaji tulikuwa tumeandika magunia 1,890 na kwingine kote 1,900. Nilirudi ofisini, nikaichapisha upya, Mama akasaini, nikairudisha kabla ya saa nane mchana. Tulikuwa na siku 13 mkononi. Kwa elsii ya kwanza, siku 7 zingekwisha siku ileile ya Julai 16, na bahasha ingetakiwa iwe imeshafika China.

Msimu uliofuata, tulipomtumia mnunuzi huyohuyo rasimu ya mkataba, niliambatisha ukurasa wa ziada wenye maneno ya elsii tunayoweza kuitimiza, uga kwa uga, na nikaomba atutumie rasimu ya maombi yake kabla hajaipeleka benki. Aliituma. Nilirekebisha sehemu mbili kwa kalamu, na ilipoingia kwa benki, haikuhitaji marekebisho.